Kupita Mara Mbili: Bei Yake na Bei ya Wapinzani Wake

Dereva wa bodaboda alinipigia simu saa nane mchana akiwa nje ya geti la bohari moja karibu na bandari. Alikuwa ameshafikisha mzigo na kusainiwa karatasi, na sasa alitaka njia ya kwenda kwa mteja wa pili. Simu yake ilimjibu kwamba njia haikupatikana. "Dada, ramani imenileta yenyewe, sasa inakataa kunitoa," akaniambia. Nilimwomba arudi kwa barabara ileile aliyojia, naye akarudi bila shida, maana barabara ile ni ya pande mbili tangu zamani. Kwenye ramani yetu tu ndiko ilikoandikwa kuwa ya njia moja, kuelekea bandarini.

Kosa la aina hiyo halionekani kwa macho. Ramani inapendeza, barabara zimeungana, na hakuna mstari uliokatika. Kilichoharibika ni mwelekeo. Ili kulinasa kabla dereva hajalinasa, inabidi uigawe ramani nzima katika makundi ya njia panda zinazofikiana: njia panda mbili zimo kundi moja ikiwa unaweza kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na pia kutoka ya pili kurudi ya kwanza, ukifuata mishale. Mji ulioandikwa vizuri una kundi moja kubwa linalobeba karibu kila kitu. Vikundi vidogo vilivyobaki pembeni ndivyo vya kutiliwa shaka.

Njia za kupata makundi hayo ni kadhaa, na zote ni za bure kwa maana kwamba hakuna anayekuuzia leseni. Gharama hata hivyo zipo, nazo ni tatu: muda wa mashine, kumbukumbu ya mashine, na muda wako wewe utakaoiandika na kuitetea siku itakapotoa jibu la ajabu. Nimezilipa zote tatu kwa nyakati tofauti. Hapa nazilinganisha kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua moja leo, na nitasema mapema kwamba kwa anayeandika kwa mkono wake mwenyewe, mimi nachagua kupita mara mbili.

Tuanze na mji mdogo ili hesabu ifuatike kwa penseli. Una njia panda saba: Soko, Posta, Msikiti, Stendi, Gati, Bohari na Shule. Kutoka Soko unakwenda Posta. Kutoka Posta unakwenda Msikiti, na pia unakwenda Gati. Msikiti inakwenda Stendi, na Stendi inarudi Soko. Gati inakwenda Bohari na Bohari inarudi Gati. Shule inatoka kwenda Msikiti, wala hakuna mshale unaoingia Shule. Mishale yote ni minane. Ule wa Posta kwenda Gati ndio wenye kosa: ulipaswa kuwa na mwenzake wa kurudi.

Ukiutazama mchoro utaona jibu mara moja. Soko, Posta, Msikiti na Stendi ni duara. Gati na Bohari ni mtego, unaingilika lakini hautokeki. Shule iko peke yake, inatokeka lakini haiingiliki, kwa hiyo mzigo wowote wa kupelekwa Shule utakataliwa tangu mwanzo. Kosa la Shule ni la kimyakimya kuliko la Gati, kwa sababu hakuna dereva anayekwama na kupiga simu. Mteja anaona tu kwamba hahudumiwi, anaondoka.

Mtu asiyejua njia nyingine huanza kwa kuuliza kila njia panda swali lilelile: ukitoka hapa, unafika wapi? Baada ya hapo analinganisha majibu mawili mawili. Kwa njia panda saba hiyo ni kazi ya dakika chache na jibu lake halina dosari. Tatizo ni bei inavyopanda. Chukua grafu ambayo wengi huipakua kujipima, ile ya kurasa za wavuti iliyotolewa na Google mwaka 2002 na kuhifadhiwa katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ina vifundo 875,713 na mishale 5,105,039. Kutoka kila kifundo, safari moja huweza kugusa hadi hatua milioni 6, yaani vifundo na mishale kwa pamoja. Zidisha kwa idadi ya vifundo, unapata zaidi ya hatua trilioni 5. Tuseme mashine yako inamaliza hatua milioni 100 kwa sekunde: katika hali mbaya kabisa utasubiri zaidi ya saa 14. Na ukitaka kuhifadhi majibu yote ya ndiyo na hapana, biti moja kwa kila jozi, unahitaji gigabaiti 96 hivi. Kwa grafu hiyohiyo, kupita mara mbili ni hatua milioni 18 ukihesabu na kuigeuza mishale, na kwa kasi ileile hazifiki hata robo ya sekunde.

Usiitupe lakini njia hiyo ya kwanza. Ndiyo mizani ya kupimia nyingine zote, na nitairudia.

Sasa bidhaa yenyewe. Kupita mara mbili kunatajwa kwa jina la S. Rao Kosaraju wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyeieleza mwaka 1978 bila kuichapisha. Micha Sharir aliipata kivyake na kuichapisha mwaka 1981. Kinachonivutia ni kwamba mpinzani wake mkubwa, njia ya Robert Tarjan ya kupita mara moja, ilikuwa imeshachapishwa mwaka 1972. Kwa maneno mengine, njia iliyo rahisi kueleza ilikuja baada ya ile ngumu, na ikapata nafasi yake ingawa haikuwa na kasi zaidi.

Safari ya kwanza inakwenda kwa kuzama: unatoka njia panda moja, unafuata mshale wa kwanza usiopelekea mahali ulikokwishapita, unaendelea kuzama hivyo hadi ukwame, kisha unarudi hatua moja na kujaribu mshale unaofuata. Kitu kimoja tu unakiandika daftarini: kila njia panda unapoiaga kabisa, yaani mishale yake yote imekwisha, unaandika jina lake. Huandiki unapofika. Unaandika unapoaga.

Tufanye hivyo mjini kwetu, tukianzia Soko. Kutoka Soko tunaingia Posta, kutoka Posta tunaingia Msikiti, kutoka Msikiti tunaingia Stendi. Mshale pekee wa Stendi unarudi Soko, tulikokwishapita, kwa hiyo Stendi imekwisha: inaandikwa ya kwanza. Tunarudi Msikiti, haina kingine, inaandikwa ya pili. Tunarudi Posta, ambayo bado ina mshale wa Gati. Tunazama Gati, kisha Bohari. Bohari inaturudisha Gati tu, kwa hiyo inaandikwa ya tatu, na Gati ya nne. Posta sasa imekwisha, ya tano. Soko, ya sita. Imebaki Shule, ambayo hakuna aliyeifikia. Tunaanza nayo upya, mshale wake unakwenda Msikiti kulikokwishapitwa, basi inaandikwa ya saba. Daftari linasomeka hivi: Stendi, Msikiti, Bohari, Gati, Posta, Soko, Shule.

Safari ya pili inaanza kwa kuigeuza mishale yote, ya kwenda ikawa ya kurudi. Daftari nalo linasomwa kutoka mwisho. Shule ndiyo ya mwisho, tunaanza nayo. Katika grafu iliyogeuzwa haina pa kwenda, kwa sababu hakuna mshale uliokuwa ukiingia kwake. Kundi la kwanza ni Shule peke yake. Inayofuata ni Soko. Kutoka Soko kwa mishale iliyogeuzwa tunafika Stendi, kutoka Stendi tunafika Msikiti, kutoka Msikiti tunafika Posta. Msikiti inataka kutupeleka Shule pia, lakini Shule imeshachukuliwa. Kundi la pili ni Soko, Stendi, Msikiti na Posta. Posta kwenye daftari imeshachukuliwa, tunairuka. Inafuata Gati: inataka kwenda Posta, imechukuliwa, inakwenda Bohari. Kundi la tatu ni Gati na Bohari. Mengine yote daftarini yamekwisha kuchukuliwa, na kazi imeisha.

Kwa nini inafaulu? Fikiria makundi mawili ambapo mshale unatoka la kwanza kuingia la pili. Hata ukianzia safari yako wapi, atakayeagwa mwisho kabisa kati ya wote wa makundi hayo mawili ni wa kundi la kwanza. Ukianzia la kwanza, lazima ulimalize la pili kabla ya kumuaga uliyeanzia. Ukianzia la pili, utalimaliza lote bila kuliona la kwanza, kwa sababu hakuna njia ya kurudi, na la kwanza litasubiri zamu yake baadaye. Kwa hiyo kulisoma daftari kutoka mwisho ni kuanza na makundi ya juu, yale yanayomwaga mishale kwa wengine. Ukishaigeuza mishale, kundi la juu halina pa kutokea isipokuwa kwa wale waliokwisha kuchukuliwa. Umelifungia. Unachokipata humo ndicho kundi lenyewe, bila ziada.

Hilo ndilo ninalolipia ninapoichagua njia hii: naweza kumweleza mwenzangu kwa dakika tano, naye akaitengeneza siku nisipokuwepo.

Bei yake kubwa ni nakala ya kinyume. Ukiihifadhi grafu kwa ubanifu, namba ya baiti 4 kwa kila mshale na nyingine kwa kila kifundo, ile grafu ya Google inachukua megabaiti 24 hivi, na kinyume chake 24 nyingine. Hakuna atakayelia kwa hizo. Lakini grafu ya marafiki wa LiveJournal, kutoka mkusanyiko uleule wa Stanford, ina vifundo 4,847,571 na mishale 68,993,773. Hapo nakala moja ni megabaiti 295, na kinyume chake kinakudai 295 zaidi kabla hujaanza safari ya pili. Njia ya Tarjan haidai nakala hiyo. Vitabu vyake vidogo vya pembeni vinafika baiti 24 kwa kila kifundo ukiviandika kawaida, yaani megabaiti 116 hivi kwa LiveJournal. Kupita mara mbili kunatumia kama 16 kwa kila kifundo, lakini pamoja na nakala ya kinyume jumla inafika megabaiti 373. Katika mashine iliyokodiwa kwa mwezi, ambapo kila ngazi ya kumbukumbu ina bei yake, tofauti hiyo inaweza kukusukuma ngazi ya juu.

Ukiiona gharama hiyo utashawishika kuikwepa, na hapa ndipo penye bidhaa bandia ambayo nimeikuta mara nyingi kwenye kazi za watu. Inasema hivi: badala ya kuigeuza mishale na kusoma daftari kutoka mwisho, acha mishale ilivyo na usome daftari kutoka mwanzo. Inasikika sawa, maana kugeuza mara mbili ni kurudi ulikokuwa. Ijaribu kwa mji wetu. Wa kwanza daftarini ni Stendi. Kutoka Stendi kwa mishale ya kawaida unafika Soko, Posta, Msikiti, kisha kupitia Posta unafika Gati na Bohari. Kundi moja la njia panda sita, na mtego wetu umemezwa humo bila kuacha alama. Sababu ni kwamba wa mwisho kuagwa lazima awe wa kundi la juu, ila wa kwanza kuagwa si lazima awe wa kundi la chini. Stendi iliagwa mapema kwa kuwa tu Posta ilichagua kwenda Msikiti kabla ya Gati. Ingechagua Gati kwanza, ile bandia ingetoa jibu sahihi, na ungeondoka ukiamini umeokoa nusu ya kumbukumbu.

Punguzo halali lipo, ni dogo. Safari ya pili si lazima iwe ya kuzama. Unaweza kutanda, hatua moja kila upande, au kuchukua kwa mpangilio wowote, kwa sababu hapo unatafuta tu nani anafikika. Safari ya kwanza ndiyo isiyobadilishwa, maana daftari la kuaga linapatikana kwa kuzama peke yake.

Bei ya pili imejificha katika namna ya kuandika. Vitabu vingi huonyesha kuzama kwa funksheni inayojiita yenyewe, mistari mitano safi. Python inakatisha kujiita kunapofika kina cha 1000 usipobadilisha mpangilio huo, na utaona `RecursionError`. Ukiandika kwa C kwenye Linux, nafasi ya kawaida ya rundo la wito ni megabaiti 8, na ikijaa programu inazimika kwa `Segmentation fault` bila maelezo. Ramani za barabara ni mbaya zaidi kwa hili kuliko grafu za marafiki. Barabara kuu ya kutoka mji mmoja hadi mwingine huandikwa kama mnyororo wa nukta nyingi, moja baada ya nyingine, na kuzama kunaifuata yote hadi mwisho kabla ya kurudi. Kwa hiyo programu inapita vizuri kwenye majaribio ya mtaa mmoja, kisha inaanguka siku ya kupakia mkoa mzima.

Dawa ni kulibeba rundo mwenyewe. Hivi ndivyo ninavyoliandika:

```python
def pita(grafu, mwanzo, imeonwa, daftari):
    imeonwa[mwanzo] = True
    rundo = [(mwanzo, iter(grafu[mwanzo]))]
    while rundo:
        u, majirani = rundo[-1]
        for v in majirani:
            if not imeonwa[v]:
                imeonwa[v] = True
                rundo.append((v, iter(grafu[v])))
                break
        else:
            rundo.pop()
            daftari.append(u)
```

Kiini cha maandishi haya ni `iter`. Kila njia panda iliyo katika rundo inakumbuka imefikia mshale gani, kwa hiyo tukirudi Posta tunaendelea na Gati, hatuanzi tena na Msikiti. Kosa la kawaida ni kusukuma majirani wote ndani ya rundo kwa mpigo na kuandika jina unapolitoa. Hapo unaandika wakati wa kufika badala ya wakati wa kuaga. Programu haitalalamika. Itakupa makundi, na baadhi yake yatakuwa ya uongo.

Funksheni hiyohiyo inatumika mara mbili, kwanza kwa grafu, kisha kwa kinyume chake:

```python
def makundi(grafu, kinyume):
    n = len(grafu)
    imeonwa, daftari = [False] * n, []
    for u in range(n):
        if not imeonwa[u]:
            pita(grafu, u, imeonwa, daftari)
    imeonwa, matokeo = [False] * n, []
    for u in reversed(daftari):
        if not imeonwa[u]:
            kundi = []
            pita(kinyume, u, imeonwa, kundi)
            matokeo.append(kundi)
    return matokeo
```

Sasa mpinzani. Tarjan anapita mara moja tu. Kila kifundo kinapewa namba ya kufika, na kinabeba namba nyingine ya chini kabisa inayoweza kufikiwa kupitia kwake kati ya wale ambao kundi lao bado halijafungwa. Namba hizo mbili zikilingana wakati wa kuaga, kifundo hicho ni kiongozi, na wote waliorundikana juu yake ni kundi lake. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Programu za ramani zinazotumiwa sana, OSRM na GraphHopper, zote zimechagua njia ya Tarjan kwa kazi hii ya kutafuta vipande vilivyojitenga, nami naona wamechagua vyema: wao wanapakia nchi nzima, wana wahandisi wa kuitunza, na kumbukumbu kwao ni fedha.

Bei ya Tarjan inalipwa na mwandishi. Maneno "bado halijafungwa" ndiyo yanayosahaulika. Tuone mjini kwetu. Ukianzia Soko kama tulivyofanya, namba za kufika ni Soko 0, Posta 1, Msikiti 2, Stendi 3, Gati 4, Bohari 5, na mwisho Shule 6. Shule inapoangalia Msikiti, kundi la Msikiti limeshafungwa, kwa hiyo haipaswi kulihesabu. Aliyesahau kukagua hilo ataipa Shule namba ya chini 2. Namba 2 hailingani na 6, Shule haiwi kiongozi, wala hakuna kiongozi mwingine atakayeichukua. Inabaki kwenye rundo na kupotea. Ukijumlisha njia panda za makundi yote unapata sita badala ya saba. Hesabu hiyo ya jumla ni mstari mmoja wa programu, na kila anayeandika Tarjan aiweke.

Kwa muda wa mashine, tofauti ya hao wawili ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wote wanakua sawasawa na ukubwa wa grafu, na ukiongeza mishale mara mbili muda nao unaongezeka kama mara mbili. Kupita mara mbili kunasoma grafu mara mbili na kuigeuza mara moja, kwa hiyo kunachelewa, lakini kwa ramani ya mji mmoja huwezi kuona tofauti hiyo kwa macho yako. Ningemshauri mtu achague Tarjan kwa sababu ya kumbukumbu. Kasi peke yake haitoshi kuwa sababu.

Kabla hujanunua chochote, jiulize kama unahitaji makundi yote. Mara nyingi swali halisi ni moja tu: njia panda hii iko katika mtandao mkuu au haiko? Kwa swali hilo hakuna daftari wala kuaga. Chagua njia panda moja unayoijua kwa hakika, kama Soko letu. Tafuta wote unaoweza kuwafikia kutoka hapo, kisha kwa mishale iliyogeuzwa tafuta wote wanaoweza kukufikia. Waliomo katika majibu yote mawili ndio mtandao mkuu. Kutoka Soko unafika Posta, Msikiti, Stendi, Gati na Bohari. Wanaofika Soko ni Stendi, Msikiti, Posta na Shule. Waliomo kote ni wanne walewale. Tena umepata habari ya ziada bila malipo: Gati na Bohari wako upande wa kufikiwa tu, kwa hiyo ni mtego, Shule iko upande wa kufika tu, kwa hiyo haiingiliki. Njia hii inaharibika ikiwa unataka makundi yote na vikundi vidogo ni maelfu, maana kila kimoja kinadai safari zake mbili.

Na kama unatumia Python na hutaki kuandika lolote, zipo za dukani. `strongly_connected_components` ya NetworkX ni ya ukoo wa Tarjan, na wamekuwekea pia `kosaraju_strongly_connected_components` kwa anayeitaka. Inafaa kwa mtaa au mji, lakini kila kifundo na mshale humo ni kitu kizima cha Python, na kumbukumbu inaliwa haraka. Kwa grafu kubwa chukua `connected_components` ya SciPy, na hapa soma lebo vizuri: usipoandika `connection='strong'` utapewa makundi yasiyojali mwelekeo wa mshale. Mji wetu wote ungetoka kundi moja, na Gati ingeonekana salama.

Kitu kimoja hakimo ndani ya bei yoyote kati ya hizi, nacho ni katazo la kukata kona. Ikiwa Stendi inakwenda Soko lakini hairuhusiwi kukata kulia ukifika Soko, grafu ya njia panda haioni. Inabidi kila kipande cha barabara na mwelekeo wake kiwe kifundo, na kila mkato unaoruhusiwa uwe mshale. Grafu inanenepa, na hapo ule uzito wa nakala ya kinyume unaanza kuhesabika kweli.

Ukishapata makundi, kuna uamuzi ambao algoridhimu haitakufanyia. GraphHopper kwa mpangilio wake wa kawaida hupuuza vipande vilivyo chini ya kiwango cha 200. Kiwango kama hicho ni bora kuliko kubakiza kundi kubwa kuliko yote na kutupa mengine. Unguja haina daraja la kwenda bara. Ukiipakia ramani ya Tanzania bila njia za feri kisha ukabakiza kundi kubwa peke yake, umefuta barabara zote za kisiwa kizima, na wala hakuna kosa lililoandikwa mahali popote.

Kuhusu kuikagua kazi yako, nilisema nitairudia ile njia ya polepole. Tengeneza grafu ndogo za kubahatisha, vifundo vinane au kumi, mamia kadhaa, na ulinganishe majibu ya kupita mara mbili na majibu ya kuuliza kila kifundo. Ile bandia ya kusoma daftari kutoka mwanzo inanaswa humo upesi. Kwa grafu kubwa ambayo huwezi kuilinganisha, zipo hoja mbili za bei nafuu. Yape makundi namba kwa mpangilio yalivyotoka. Kila mshale lazima uende kwenye kundi lenye namba ileile au kubwa zaidi. Mshale mmoja ukirudi nyuma, umelipasua kundi lililopaswa kuwa moja. Hoja hiyo haiwezi kunasa makundi yaliyounganishwa kimakosa, kwa hiyo ongeza ya pili: kutoka kwa kifundo kilichoanzisha kila kundi, tembea kwa mishale ya kawaida, kisha kwa iliyogeuzwa, bila kutoka nje ya kundi, na uhakikishe mara zote mbili unawafikia wote.

Siku ile ya dereva, niliporudi mezani nilipitisha ramani yetu ya mji mara mbili, mbele na nyuma. Kundi kubwa lilikuwa moja kama nilivyotegemea. Nilivipanga vikundi vidogo kwa ukubwa na kuvifungua kimoja kimoja juu ya ramani. Vingi vilikuwa maegesho na nyua zenye mshale uliosahaulika, na vichache vilikuwa mitaa ya kweli yenye watu ndani yake. Barabara ya bandarini ilikuwemo pia, nukta kumi na mbili zikiwa zimejifungia. Tulirekebisha mshale wake jioni hiyo, nikapitisha tena, na kikundi kile hakikutokea.